Baba amekataa kwenda Ocean Road. Jumamosi tunakaa kikao, naombeni mawazo

BintiWaKihamba
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Naandika usiku huu nikiwa jikoni nyumbani kwetu Machame, wengine wameshalala. Baba ana miaka 78. Wiki mbili zilizopita amegundulika ana saratani ya umio, njia ya chakula, na amesema haendi popote kutibiwa, hata Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar.

Ilianza mwezi wa 1. Akila ndizi nyama, tonge linakwama katikati ya kifua, anajipiga kifua kwa ngumi, anakunywa maji, linashuka. Zahanati moja ikampa dawa za vidonda vya tumbo, akazimeza miezi minne. Mwezi wa 5 nyama ikawa haipiti kabisa, tukahamia kwenye mtori. Sasa tuko mwezi wa 8 na hata huo mtori mama anauchuja kwa kitambaa. Pembeni ya kitanda ana kopo la maziwa ya unga analotemea mate, maana kuna saa hata mate yake hayashuki. Suruali anaifunga kwa kamba ya katani.

Mwezi uliopita tukampeleka Moshi. Wakampitisha kamera mdomoni, wakakata kinyama, wakampiga na siti skani. Majibu alipewa kaka yetu mkubwa, kwenye korido, baba akiwa amekaa kwenye benchi hatua kumi kutoka pale. Kaka akatuita pembeni akasema baba asiambiwe, presha itampanda. Kwa hiyo tukamwambia ni kidonda, kinataka mionzi kidogo Dar. Baba akauliza, "Kidonda gani hicho cha kupelekwa Ocean Road?" Hakuna aliyejibu. Akaingia ndani, akatoka jioni, akasema: "Siendi. Na mtu asiniulize tena."

Kaka anakuja Ijumaa na gari. Amesema atakuja na isale. Kwa wasio wa huku, isale ni lile jani la mmea tunaopanda mipakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba. Ukimpelekea mtu jani hilo unamwomba radhi, na aliyeletewa hakatai. Kaka anataka baba afungwe na hilo jani, apande gari.

Mimi sijui nisimame wapi. Mama hasemi kitu. Naombeni mawazo.

TibaAsiliHalisi
Dada pole sana. Msimpeleke kwenye mionzi, itamuunguza. Chemsha majani ya mstafeli, glasi asubuhi na jioni, siku 40. Jirani yangu alipona uvimbe wa titi.

BintiWaKihamba
Asante ndugu, lakini sijauliza dawa. Na glasi nzima ya chochote kwa sasa haipiti.

Kipepeo_Mbeya
Dada, mimi nitakuambia jambo ambalo hutapenda. Baba yangu alikataa kama baba yako. Yeye ilikuwa tezi dume, imeonekana mapema, haijatoka nje ya tezi, na daktari akasema kabisa hii inatibika. Akasema yeye ni mzee, aachwe. Sisi tukaona tumheshimu. Miaka miwili baadaye imefika kwenye mifupa ya mgongo, miguu haifanyi kazi, na anatulilia tumpeleke hospitali. Heshima ile naijutia hadi leo. Kaka yako simwoni kama mtu mbaya. Lazimisheni.

MtuMzimaSasa
Kisheria mzee akishaugua hivyo, mtoto mkubwa ndiye anayesaini. Kaka yako akisaini, wanamtibu. Halafu mkae chonjo, wakishindwa huwa wanawaandikia morfini. Hiyo ni ya kumaliza watu, ukiona imeandikwa ujue wameshakata tamaa.

Muuguzi_Majumbani
Mdogo wangu BintiWaKihamba, pole. Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, kazi yangu ni kuwafuata wagonjwa wa namna ya baba yako majumbani, mwaka wa kumi na moja sasa.

Nianze na MtuMzimaSasa. Mzee mwenye akili timamu anasaini au kukataa mwenyewe. Mtoto husaini pale mgonjwa hajitambui. Aliyetoa majibu ya baba yenu kwenye korido wakati mwenyewe yuko macho kwenye benchi, amekosea. Na hili la korido ndilo ningeanza nalo kwenye kikao. Baba yako hajakataa matibabu ya saratani, kwa sababu hakuna aliyemwambia ana saratani. Alichokikataa ni safari ambayo watoto wake wameshindwa kumweleza sababu yake.

Naomba unijibu mambo mawili. Siti skani ilionyesha nini zaidi ya umio? Na akinywa maji anakohoa?

BintiWaKihamba
Dada, karatasi nimeipiga picha nikamtumia rafiki anayesoma udaktari. Anasema kuna madoa kwenye ini na tezi za kifuani zimevimba. Kukohoa hapana. Analalamika mgongo, katikati ya mabega, panachoma usiku.

Muuguzi_Majumbani
Basi Kipepeo_Mbeya, jambo lako ni la kweli kabisa, lakini halifanani na hili. Baba yako alikataa ugonjwa ukiwa bado unaondoka. Huyu wa Machame umeshafika kwenye ini, na hapo mionzi na dripu za kemo haziuondoi. Zinaweza kuurudisha nyuma kwa muda, njia ya chakula ikafunguka, maumivu yakapungua, na kuna wagonjwa wanaoongezewa miezi. Ni faida, sisemi si faida. Ila gharama yake ni kumtoa mzee asiyemeza nyumbani kwake, kumsafirisha zaidi ya kilomita 500 na kumweka wiki kadhaa ugenini.

Na katikati ya kwenda Dar na kukaa bila kitu kuna mengine ambayo naona hamjaelezwa. Kuna stenti, mrija mwembamba wa wavu wa waya, unapitishwa kwa kamera ileile mpaka pale palipozibwa, ukiachiwa unatanuka wenyewe na kusukuma kuta. Mtu aliyekuwa anatema mate anaweza kunywa uji siku ya pili yake. Haugusi saratani yenyewe, unafungua njia tu. Ulizeni hapo Moshi kama wanaweka.

Jumamosi usiulize "utaenda au huendi". Muulize baba anachokataa ni nini hasa, na anachotaka ni nini. Kisha mnyamaze, hata akikaa dakika tano hajajibu.

Msafiri_Bomet
Hiyo ya stenti ni kweli kabisa. Huku kwetu Bomet saratani ya umio ni nyingi mno, na pale Tenwek wamekuwa wakiweka hizo stenti kwa miaka mingi. Mamangu aliwekewa, akala miezi minne, chapati ya kulowesha kwa chai, viazi vya kuponda. Mwezi wa tano saratani ikaota juu ya stenti, ikaziba tena. Mjue hilo mapema, sisi hakuna aliyetuambia, tukadhani ametupiwa kitu kibaya na majirani. Tulikosana na familia nzima ya ng'ambo ya mto.

MekuMstaafu
Binti, mimi ni mtu wa Kibosho, nina miaka 71. Mwambie kaka yako hivi. Isale hubebwa na mkosaji. Anayeibeba ili kumshurutisha baba yake anacheza na kitu asichokijua. Akifika nayo, baba yenu ataipokea, kwa kuwa hawezi kuikataa, kisha atamuuliza amekosa nini. Awe na jibu.

BintiWaKihamba
Shikamoo baba. Nimempigia kaka nikamsomea ulichoandika. Alikaa kimya, halafu akasema tutaonana Ijumaa.

BintiWaKihamba
Wakubwa, ni Jumapili usiku. Kikao kimefanyika jana, naandika kabla sijasahau.

Tulikaa nje, upande wa migomba, baada ya kukamua ng'ombe. Baba kwenye kiti chake, koti limemzidi kama la kuazima. Mama, shangazi, kaka mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa mwisho anayeishi hapa na wazazi. Kaka aliinuka, akapiga goti, akatoa isale kwa mikono miwili. Baba akaipokea. Akaigeuza geuza, akafuta vumbi kwa kidole gumba.

"Nimeipokea, siwezi kukataa isale ya mwanangu. Sasa niambie umenikosea nini."

Kaka akasema, "Sijakukosea baba. Nakuomba uende hospitali."

"Kwa safari hupewi isale. Kwa safari unaniambia baba twende, nami nakujibu. Hili umeniletea kwa sababu kuna kosa."

Kimya. Nilikuwa nasikia ng'ombe akitafuna. Mdogo wetu ndiye aliyesema: "Tulikudanganya baba. Siyo kidonda."

Baba akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa. Akasema alijua tangu mwezi wa 6, mama alipoanza kuchuja mtori, kwa kuwa baba yetu mdogo alianza vivyo hivyo. Mwaka 2011 baba ndiye aliyemuuguza Dar, wiki sita. Sisi tulichojua ni kwamba baba mdogo aliugua akafa. Jana ndiyo tukasikia kwamba walimtoboa tumbo wakamwekea mpira, chakula kinapitishwa na bomba la sindano, na kila baba alipomlisha, mdogo wake alikuwa anamuuliza, "Leo umenipa nini?" kwa sababu hakuwa anaonja. Alifariki usiku, baba akiwa amelala nje ya geti kwa kuwa muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umekwisha. Akapanda naye gari kumrudisha.

Shangazi alianza kulia. Akasema, "Watu watasema tumemwacha kaka yangu kwa kuogopa kutoa hela." Hapo kaka mkubwa akamgeukia mdogo wetu: "Wewe umekubali haraka kwa sababu nyumba na kihamba ni vyako." Mnajua kwetu kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya baba. Mdogo wetu akasimama aondoke. Baba akasema neno moja tu la Kichaga, la kumwambia mtoto akae, lile alilokuwa anatuambia tukiwa wadogo. Akakaa. Ana miaka 34.

Nikamuuliza swali la dada muuguzi. "Baba, unachokataa ni nini hasa?"

Alichelewa sana kujibu. Nilitaka kuongea nikajizuia. Akasema anakataa mpira wa tumboni, anakataa kulala mahali penye geti, na anakataa kurudishwa na gari. "Na unachotaka?" Akanyanyua lile kopo la mate. "Nataka nimeze mate yangu. Na huku mgongoni panyamaze usiku, nilale."

Kaka akasema, "Kwa hiyo baba umeamua kufa."

"Kufa sikukuamua mimi. Mimi nimesema nitalala wapi."

Kaka akaondoka akaenda kukaa ndani ya gari, milango imefungwa, karibu saa nzima. Mama ndiye aliyemfuata, akaingia upande wa pili. Hatujui walizungumza nini. Alivyorudi akasema kesho kutwa tunampeleka wote Moshi kuulizia hiyo stenti, na daktari azungumze na baba mwenyewe.

Kipepeo_Mbeya
Nimesoma mara mbili. Bado nasema mngejaribu mionzi. Lakini sasa amesema mwenyewe, wangu hatukumuuliza hivyo.

MekuMstaafu
Isale mliiweka wapi?

BintiWaKihamba
Baba ameiweka ndani ya Biblia yake. Imekauka lakini haijakatika.

BintiWaKihamba
Naleta mrejesho, imepita wiki saba. Samahanini kwa kimya.

Daktari wa Moshi alivuta kiti akakaa mbele ya baba, sisi tukasimama nyuma. Akamwambia saratani ipo, imefika kwenye ini, na kuiondoa yote haiwezekani tena. Akamweleza mionzi ingemsaidia nini na kwa namna gani. Baba akauliza swali moja, kama ile stenti inahitaji kulala. Akaambiwa usiku mmoja, wa kuangaliwa. Akakubali usiku mmoja.

Siku tatu za kwanza tulijuta. Kifua kilimuuma mpaka akawa anashika ukingo wa kitanda, nikadhani imetoboa. Dada muuguzi, ulivyonijibu inboksi usiku ule ulinituliza, wavu unapotanuka unaumiza, mradi hana homa na hatapiki damu. Siku ya nne maumivu yakalegea. Alikunywa uji, kikombe kizima, tukiwa tumemzunguka kama anafanya mtihani. Siku ya saba mama akaacha kuchuja mtori.

MtuMzimaSasa
Nimefurahi. Na morfini walimpa?

BintiWaKihamba
Walimpa ya maji. Mama aliificha kabatini siku nne, alishasikia ni ya kumalizia watu. Baba analia na mgongo na chupa ipo.

Muuguzi_Majumbani
Hili nakutana nalo kila wiki. Mama yako si wa kulaumiwa. Maumivu ya saratani yanamaliza mgonjwa kuliko morfini iliyopimwa. Wanaanza na kiasi kidogo, kila baada ya saa 4 kwa kufuata saa, iwe panauma au hapaumi, kwa sababu ukisubiri paume unaikimbiza bila kuipata. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia na kichefuchefu kidogo, kisha mwili unazoea. Kitakachobaki ni choo kigumu, hicho mwili hauzoei. Ana dawa ya choo?

BintiWaKihamba
Waliandika, ila sisi tulidhani ni ya kutumia akifunga. Siku ya sita ndiyo tukagundua, tumbo limejaa, amekataa kula, kaka kule Dar anasema mnaona, stenti imeziba. Kumbe ni choo. Sasa anakunywa kila jioni pamoja na morfini. Analala. Mgongo anasema upo, ila uko mbali.

Muuguzi_Majumbani
Vizuri. Sasa chakula. Ale ameketi wima, atafune taratibu, vijiko vichache kisha kinywaji cha uvuguvugu, na akimaliza anywe tena kusafisha waya. Nyama ya nyuzi, tonge la ugali gumu, mkate mkavu na chungwa lenye ngozi vitakwama. Kama stenti yake iko chini karibu na tumbo, asilale bapa, asidi itapanda. Wekeni matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Akianza kutema mate tena, au kukohoa kila anapokunywa, msisubiri, mrudisheni Moshi.

BintiWaKihamba
Matofali mdogo wetu aliweka siku ileile. Baba alisimamia, akasema upande wa kushoto uko juu, yakapangwa upya.

Asubuhi, akiwa na nguvu, anatembea na mdogo wetu kwenye mipaka ya kihamba akimwonyesha isale zilizopandwa na babu na zile alizopanda yeye. Jana walifika hadi kwenye mfereji. Alirudi amechoka, akalala hadi saa 10 jioni. Ini linavimba, upande wa kulia unaonekana hata akivaa shati. Tunajua.

Msafiri_Bomet
Na kaka mkubwa?

BintiWaKihamba
Anatuma hela kila Jumatatu bila kuombwa. Anampigia mama, anamuuliza baba amekula nini, mama anamtajia kijiko kwa kijiko. Baba mwenyewe hajaongea naye tangu siku ile ya daktari. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe saa 8 usiku, kwamba angembeba baba kwa nguvu mwezi ule wa 6, pengine ini lisingekuwa limeguswa. Sikujua nimjibu nini. Zile dawa za vidonda za miezi minne nazo zinaniumiza, lakini hizo hakuna wa kumbebea isale.

Muuguzi_Majumbani
Usimjibu kwa maandishi. Atakuja lini?

BintiWaKihamba
Krismasi, kama Wachaga wote. Jana jioni baba alimwambia mama amwoshee lile shati jeupe na alining'inize, asilikunje. Kisha akaniita akaniuliza zimebaki wiki ngapi. Nikamwambia kumi na moja. Akahesabu kwa vidole, akafika kumi, akaanza upya na mkono wa kushoto.